Sindano ya kwanza imetoka tupu: kwa nini wanataka kipande cha mfupa

*"Shikamoo daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 22. Alianza kwa kuchoka, baadaye fizi zikawa zinatoka damu na miguuni vikatokea vidoa vyekundu. Vipimo vyake: himoglobini 5.8, seli nyeupe 1.7, neutrofili 0.4, pleteleti 11. Ameongezewa damu mara mbili na anameza vidonge vya madini ya chuma. Wiki iliyopita walimchoma sindano ya uboho, majibu yakaandikwa 'seli ni chache sana, sampuli haitoshi, inashauriwa kipande cha mfupa'. Sasa wanataka kumtoboa tena. Nyumbani wanasema ile sindano itampoozesha, na kwamba kama uboho hauna kitu basi jibu limeshapatikana. Je, hii ni saratani ya damu? Na sisi ndugu zake tunaweza kumchangia damu?"*

Marahaba. Mruhusuni atobolewe tena, na ikiwezekana iwe wiki hii. Uboho wake haujajibu kitu bado. Kilichojibu ni sindano, na sindano ikitoka na seli chache inaweza kuwa na maana mbili zilizo mbali kabisa: ama ndani kweli hamna kitu, ama ndani mmejaa vitu ambavyo havikukubali kutoka. Ukishusha ndoo kisimani ikarudi na tope kidogo, hujui bado kama kisima kimekauka au kamba ni fupi.

Uboho huchukuliwa kwa njia mbili, na kwa kawaida zote mbili hufanywa kwa kikao kimoja. Ya kwanza ni kufyonza. Sindano huingizwa ndani ya mfupa, bomba likavutwa, na yanatoka majimaji mekundu yenye vipunje vidogo vya rangi ya manjano. Vipunje hivyo ndivyo uboho wenyewe; yaliyobaki ni damu. Mvuto wa kwanza unatakiwa uwe mdogo, chini ya nusu mililita, maana ukiendelea kuvuta, damu ya mishipa ya jirani huingia kwa wingi na kuizimua sampuli. Anayevuta mililita tano kwa mkupuo mmoja halafu akapaka vioo vyake kutoka humo, hupata damu yenye uboho kidogo ndani yake, na mtu wa darubini hana budi kuandika maneno yale yale mliyoandikiwa ninyi.

Njia ya pili ni kukata kipande. Sindano nene zaidi, iliyo wazi katikati kama bomba, huzungushwa taratibu ndani ya mfupa mpaka ishike kijiti chenye unene wa njiti ya kiberiti. Tunalenga urefu wa sentimita 2, kwa sababu kipande hunywea kidogo kinapotayarishwa maabara. Tofauti kubwa ni kwamba kipande hakichuji kitu. Kila kilichokuwa pale hutoka kama kilivyokaa: mafuta mahali pake, seli mahali pake, mishipa na nyuzi mahali pake. Kufyonza hutuonyesha sura ya seli mojamoja kwa uzuri sana, lakini hakuwezi kutuambia nyumba imejaa kiasi gani. Kwenye ugonjwa ambao swali lake kubwa ni "nyumba ina watu au haina", kipande cha mfupa ndicho kipimo chenyewe.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Kwenye anemia ya aplastiki, yaani uboho uliokauka, kufyonza mara nyingi si kugumu. Majimaji hutoka vizuri, na vipunje hutoka, ila vikiangaliwa ni mafuta matupu. Sindano inapogoma kabisa kutoa kitu, mtu mwenye uzoefu huanza kufikiria kinyume chake: uboho uliokazwa na nyuzi za kovu, au uliojazwa seli za saratani zilizobanana kiasi kwamba haziachiani. Ndiyo maana nasema jibu halijapatikana. Nyuma ya sampuli tupu ya kufyonza inaweza kujificha hata lukimia, yaani saratani ya damu.

Kuhusu kupooza, hofu hiyo nimeikuta karibu kila nyumba. Watu husikia "mgongo" wakachanganya kipimo hiki na kile cha kuchota maji ya uti wa mgongo. Mwambieni mdogo wenu apeleke kidole nyuma, juu kidogo ya kalio, pale ambapo watu wengi wana kishimo upande wa kulia na wa kushoto. Mfupa mgumu anaougusa hapo ni ukingo wa nyuma wa nyonga, na hapo ndipo sindano inapoingia. Uti wa mgongo haupo pale. Kinachochukuliwa nacho ni kidogo mno ukilinganisha na uboho wote alionao, hivyo hata habari ya "kumalizwa uboho" haina msingi.

Maumivu yapo, sitawadanganya. Ganzi hutuliza ngozi na ule utando mwembamba unaofunika mfupa, lakini haifiki ndani. Wakati wa kufyonza atasikia mvuto mkali unaoweza kuteremka mpaka pajani, kwa sekunde chache. Wakati wa kukata kipande atasikia msukumo mzito wa kusokotwa. Akiambiwa mapema hukaa akijua kinachokuja, na kama hospitali ina dawa ya kumtuliza kidogo, aombe. Pleteleti 11 zinatisha, lakini haziwi sababu ya kuahirisha. Mfupa uko juujuu na tundu linaweza kubanwa kwa mkono. Kutokwa damu kwa hatari baada ya kipimo hiki hutokea kwa chini ya mtu mmoja kati ya elfu, ingawa mwenye pleteleti chache yuko karibu zaidi na hatari hiyo kuliko wengine. Kwa hiyo abanwe dakika kumi au zaidi, kisha alale chali juu ya pamba yake kwa muda, na bandeji ikaguliwe kabla hajaondoka. Madaktari wengine humwongezea pleteleti kwanza, wengine hawaongezi. Njia zote mbili zina hoja.

Sasa tuingie ndani ya mfupa. Uboho wa mtu mzima ni mchanganyiko wa mafuta na seli zinazotengeneza damu, na mafuta huongezeka kadiri umri unavyosonga. Sisi hutumia hesabu ya haraka: toa umri kwenye 100, unachopata ni asilimia ya nafasi inayotakiwa kuwa na seli. Kijana wa miaka 22 anatakiwa awe na takriban robo tatu. Katikati ya umati huo kuna seli shina, chache sana, ambazo zote nyingine huzaliwa kutoka kwake: seli nyekundu zinazobeba hewa, seli nyeupe zinazopigana na vijidudu, na pleteleti zinazoziba mishipa iliyochubuka. Seli shina zikifa, hakuna mrithi. Nafasi yake hujazwa mafuta.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini namba tatu zinaanguka pamoja lakini dalili haziji siku moja. Neutrofili, zile seli nyeupe zinazopigana na bakteria, huzunguka kwenye damu kwa muda mfupi sana, pleteleti huishi siku 8 hadi 10, seli nyekundu huishi siku kama 120. Kiwanda kikisimama leo, neutrofili na pleteleti hupungua mapema, na himoglobini hufuata polepole kwa wiki na miezi. Lakini mgonjwa hahisi pleteleti zikiwa 60. Huhisi zikishafika chini ya 20, fizi zinapoanza kuvuja na vidoa kutokea miguuni. Kwa hiyo kijana wenu, aliyeanza kwa uchovu, inaelekea alikuwa na pleteleti zinazoteremka kimyakimya muda wote huo. Na himoglobini ikifika 5.8 pasipo kumwaga damu nyingi, hiyo ni safari ya miezi.

Kuna namba moja ambayo sikuiona kwenye majibu yenu, nayo ni retikulosaiti. Hizi ni seli nyekundu changa, zilizotoka kiwandani jana au juzi. Mtu mwenye himoglobini ya 5.8 na uboho wenye afya angekuwa anazimwaga kwa wingi. Zikiwa chache, tatizo ni utengenezaji. Zikiwa nyingi, kiwanda kinafanya kazi lakini kuna mahali seli zinaharibiwa au zinapotea. Ulizeni kama zilipimwa, na kama hazikupimwa waombeni wazipime. Ni kipimo cha damu ya kawaida.

Niwaeleze wagonjwa wawili niliowahi kuwahudumia, kwa sababu namba zao kwenye karatasi zilikuwa karibu sawa na za mdogo wenu.

Wa kwanza ni mama wa miaka 46, himoglobini 6.1, seli nyeupe 2.1, pleteleti 18. Familia ilikuwa imeshaambiwa kwamba uboho umekufa. Kipande chake kilipofika chini ya darubini hapakuwa na nafasi hata ya mafuta; kilikuwa kimejaa pomoni. Seli zilikuwa kubwa kuliko kawaida, zenye viini vilivyobaki vichanga wakati mwili wa seli umeshakomaa. Huo ni upungufu wa vitamini B12. Kiwanda kilikuwa kinafanya kazi usiku na mchana, lakini bidhaa zake zilikuwa mbovu na zilifia humohumo ndani kabla ya kutoka. Akachomwa sindano za B12, na ndani ya wiki chache namba zote tatu zikapanda. Mama huyu angepelekwa kwenye matibabu ya anemia ya aplastiki angepewa sumu asiyoihitaji.

Wa pili ni mzee wa miaka 61. Kufyonza kulitoa damu tupu. Kipande cha kwanza kilikuwa na urefu wa milimita 6, nusu yake ganda gumu la nje. Ripoti ikasema: seli asilimia 10, inaafiki anemia ya aplastiki. Mwenzangu wa maabara hakuridhika, akanipigia simu akaniambia anachokiona ni ukingo tu. Alikuwa sahihi kuwa na wasiwasi. Uboho ulio mara tu chini ya ganda la mfupa huwa na mafuta mengi hata kwa mtu mzima wa afya, hasa mwenye umri mkubwa. Tukamrudia mzee, upande wa pili wa nyonga, tukapata kipande cha milimita 20. Ukingoni palikuwa na mafuta yale yale. Lakini ulipoingia ndani, seli zilifika asilimia 30, na kati yake kulikuwa na seli changa zilizojikusanya vikundi vikundi mahali ambapo hazitakiwi kuwa, pamoja na seli mama za pleteleti zilizokuwa ndogo, zenye kiini kimoja cha duara badala ya kiini kikubwa chenye mikunjo. Huyu alikuwa na mielodisplasia ya uboho mwembamba, yaani wenye seli chache, ugonjwa wa jamii ya saratani unaoweza kujivika vazi la anemia ya aplastiki. Matibabu yake na matarajio yake ni mengine kabisa. Milimita 14 za mfupa ndizo zilizotofautisha.

Kwa hiyo ripoti ya mdogo wenu ikitoka, msikimbilie neno la mwisho. Angalieni kwanza urefu wa kipande, na kama mpimaji ameandika kwamba kinafaa kusomwa. Kikiwa kifupi mno, au kimepondwa, neno la mwisho halina uzito. Kisha angalieni asilimia ya seli. Kwenye anemia ya aplastiki kali huwa chini ya 25, na mara nyingi chini ya 10. Ukikitazama kipande hicho unaona vitone vyeupe vya mafuta vimepangana kama sega la asali lililokamuliwa, na kwenye kuta zake seli chache zilizobaki, nyingi zikiwa limfosaiti, aina ya seli nyeupe, na wenzake, ambazo hazitengenezi damu. Seli mama za pleteleti, ambazo ni kubwa na kwa kawaida hupati shida kuziona, unazitafuta kipande kizima usione hata moja. Wakati mwingine hubaki kisiwa kimoja cha seli nyekundu zinazotengenezwa, na sindano ya kufyonza ikiangukia hapo hudanganya kwamba uboho ni mzima. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka kipande kirefu.

Baada ya hapo soma kile ambacho hakikuonekana, kwa sababu utambuzi wa ugonjwa huu umesimama zaidi juu ya visivyokuwepo. Pasiwe na nyuzi za kovu. Pasiwe na vikundi vya seli changa. Maabara nyingi hupaka rangi maalumu inayozitambua, na kwenye ripoti mtaona imeandikwa CD34. Pasiwe na vinundu vya kifua kikuu, wala vimelea, wala seli ngeni zilizohamia kutoka sehemu nyingine. Mkikuta imeandikwa kwamba seli nyekundu chache zilizobaki zina sura isiyo ya kawaida, hiyo peke yake isiwashtue. Hutokea kwenye anemia ya aplastiki pia. Seli mama za pleteleti zenye sura mbaya ndizo zinazobadilisha mazungumzo. Majibu ya kipande hukawia siku kadhaa kwa sababu mfupa lazima ulainishwe kwanza kwa dawa ndipo ukatwe vipande vyembamba. Ila mnaweza kumwomba daktari akibiringishe kipande hicho kwenye kioo kabla hakijatumbukizwa kwenye dawa. Alama kinazoacha husomwa siku hiyohiyo, na lukimia nyingi hujulikana hapo.

Mmeuliza kama ni saratani. Anemia ya aplastiki si saratani. Kwa wagonjwa wengi, askari wa mwili wenyewe, limfosaiti za aina ya T, huzigeukia seli shina na kuziua. Kwa nini wanageuka, mara nyingi hatupati jibu. Kuna wachache ambao ugonjwa huja miezi michache baada ya homa ya ini, wengine baada ya dawa kama kloramfenikoli, wengine baada ya kuvuta mvuke wa benzini kazini. Mkumbukeni kumweleza daktari kila dawa aliyotumia miezi sita iliyopita, hata zile za kununua tu. Lakini kusema si saratani kusiwafanye mlegee. Zamani uboho wa wagonjwa hawa ulionekana baada ya kifo tu. Hivyo ndivyo Paul Ehrlich alivyoueleza mwaka 1888, kwa mwanamke kijana mjamzito ambaye mifupa yake ilikutwa na mafuta mahali pa uboho mwekundu. Ugonjwa mkali usiotibiwa huua, kwa vijidudu au kwa kuvuja damu.

Na ukali wenyewe hupimwa hivi. Uboho uwe na seli chini ya asilimia 25, kisha mambo mawili kati ya matatu yatimie: neutrofili chini ya 0.5, pleteleti chini ya 20, retikulosaiti chini ya kiwango. Mdogo wenu ana neutrofili 0.4 na pleteleti 11. Mawili tayari. Kinachosubiriwa ni mfupa tu, na ukithibitisha, huyu ni mgonjwa wa kundi kali anayetakiwa kuanza matibabu ndani ya wiki, si miezi. Ndiyo sababu nimewaharakisha tangu mstari wa kwanza.

Kwa umri wake kuna vipimo viwili vingine ninavyotaka vifanyike damu ikiwa inapatikana. Kimoja hutafuta seli za damu zilizokosa ngao fulani kwenye utando wake wa nje, jambo linaloonekana kwa wagonjwa wengi wa anemia ya aplastiki na ambalo likikua huleta ugonjwa wa kupasuka kwa seli na kuganda kwa damu. Kingine huangalia kama kromosomu zake zinavunjika kirahisi, ili kuondoa anemia ya Fankoni, ambayo mtu huzaliwa nayo. Kama ana ufupi usio wa familia, kidole gumba chenye kasoro, au mabaka ya rangi ya kahawa kwenye ngozi, mwambieni daktari. Lakini hata asipokuwa na dalili hizo, kipimo kinafaa, kwa sababu mwenye Fankoni akipandikizwa kwa dozi za kawaida za dawa anaweza kuumia vibaya.

Wakati mnasubiri, kuna mambo ya kuacha. Vidonge vya madini ya chuma muulizeni daktari avisimamishe, isipokuwa kama kipimo kimeonyesha chuma kimepungua kweli. Ukosefu wa chuma hauwezi kushusha neutrofili mpaka 0.4. Isitoshe kila chupa ya damu aliyowekewa ilikuja na chuma cha miligramu 200 au zaidi, wakati mwili hufyonza miligramu 1 au 2 tu kwa siku kutoka kwenye chakula na hauna njia ya kukitoa kilichozidi. Kikizidi hukaa kwenye ini na moyo. Pia asipewe vidonge wala sindano za prednisoloni au deksamethasoni kabla ya kipande kuchukuliwa. Kwa anemia ya aplastiki havisaidii vikitumika peke yake, na kama ilikuwa lukimia vinaweza kuiyeyusha kwa muda tu, kisha darubini ikaona uboho mwembamba na wote tukadanganyika. Damu ya kuongezewa, kwa upande mwingine, haiharibu kipimo cha uboho. Aendelee kuipata akiihitaji.

Lakini damu hiyo isitoke kwenu. Najua hili ni gumu, kwa sababu ndugu akiugua kitu cha kwanza mtu anachotaka kutoa ni damu yake. Ninyi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ndio mnaoweza kuwa wachangiaji wa uboho. Mwili wake ukishaonja damu yenu sasa, unaweza kujenga kinga dhidi yenu, na siku ya kupandikiza akaukataa uboho ule ule uliotakiwa kumwokoa. Wachangieni wagonjwa wengine kama mnataka, yeye apate ya watu baki, na iwe imechujwa seli nyeupe kama huduma hiyo ipo. Ninyi nendeni mkapimwe ulinganifu wa HLA, yaani alama za juu ya seli ambazo kinga ya mwili huzitumia kumtambua mwenyeji na mgeni. Kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana naye kamili. Mkiwa watatu, uwezekano wa kupatikana walau mmoja ni kama asilimia 58.

Akipatikana, na hakuna kingine kinachozuia, mimi ningeshauri kupandikiza kwanza. Kwa kijana wa miaka 22 ndiyo njia inayoleta kiwanda kipya kabisa, na hufanikiwa zaidi ikifanywa mapema, kabla hajaongezewa damu nyingi na kabla ya maambukizi makubwa. Ina hatari zake: uboho kukataliwa, au uboho mpya kuushambulia mwili wa mwenyeji wake. Asipopatikana, njia ya pili ni kuwatuliza wale askari walioasi, kwa globulini, yaani kingamwili, inayotengenezwa kutokana na farasi, pamoja na siklosporini, na mahali inapopatikana, eltrombopagi, dawa inayochochea seli shina. Ikiwa mtaambiwa kuna globulini ya sungura na ya farasi, ulizeni ya farasi. Zilishindanishwa katika utafiti uliochapishwa 2011 na ya farasi ikafanya vizuri zaidi kama tiba ya kwanza. Wengi hupata nafuu kwa njia hii, lakini nafuu huja baada ya miezi mitatu hadi sita, wengine ugonjwa huwarudia, na sehemu ndogo hupata mielodisplasia miaka ya baadaye, hivyo hufuatiliwa maisha yao yote. Wazazi wanaolingana naye nusu nao wanaweza kuchangia katika vituo vyenye uzoefu huo, na hilo ni la kuzungumza na daktari wa kupandikiza ana kwa ana.

Mpaka hapo atakapofika, linalonitia hofu zaidi ni homa. Kipimajoto kiwe karibu na kitanda chake. Akifika nyuzi 38, au akianza kutetemeka hata kama kipimo kinasoma 37, msimpe paracetamoli mkasubiri asubuhi. Mpelekeni usiku huohuo, na mlangoni msiseme "ana homa" tu. Semeni "ana homa na neutrofili zake ni 0.4". Anatakiwa apewe antibiotiki ya mshipani ndani ya saa ya kwanza, hata kabla majibu ya damu hayajatoka. Fanyeni vivyo hivyo akiumwa kichwa ghafla, akiona ukungu machoni, au akianza kutokwa damu puani isiyokoma kwa kubanwa. Asichomwe sindano ya msuli, asimeze aspirini wala ibuprofeni, na mswaki wake uwe laini kabisa.